Mashine Mbili za Papa Adalbert

Hortense Mutale alikuwa fundi wa rezo, yaani mtandao wa kompyuta, katika laboratware moja ya kupima mawe ya shaba, kwenye barabara ya kwenda Kipushi, na kama ulitaka kumkasirisha ulichomeka kitu kwenye rezo yake bila kumwambia. Hapo ulikuwa umejitafutia. Angekufuata hadi kantini, angekuuliza mbele ya sahani yako ya bukari kile kikasha ulichochomeka ni cha nani na kimetoka wapi, na usingemeza tonge mpaka ujibu.

Watu walimcheka kidogo. Walimwita polisi wa nyaya. Lakini mawe ya nusu ya vyama vya wachimbaji wa mji yalipita pale kabla ya kuuzwa, na jibu la kila gunia, shaba asilimia ngapi na kobalti asilimia ngapi, lilikaa kwenye faili za pamoja ndani ya sava. Aliyejua jibu kabla ya mwenye gunia alikuwa na nguvu juu yake. Kwa hiyo Hortense hakuona aibu hata kidogo kuitwa polisi.

Kazi yake ya kila Jumatatu asubuhi aliiita apeli, kama ile apeli ya shuleni ya kuita majina. Aliketi mbele ya ordinatere, kompyuta yake ya kazi, akatuma swali kwenye rezo nzima, anwani moja baada ya nyingine: nani mwenye anwani hii? Yule mwenye nayo hujibu kwa namba ya kadi yake ya rezo, ile ndefu ambayo kiwanda huipa kadi kabla haijatoka kwenye boksi. Mashine inaweza kubadilishiwa anwani leo na kesho, lakini kadi huja na namba yake. Na uzuri wa swali hilo, ambalo mafundi huliita ARP, Hortense alipenda kueleza hata kwa asiyemuuliza, ni kwamba mashine inaweza kunyamazia maswali mengine yote, lakini hili hailinyamazii, maana isipojibu haiwezi kuongea na jirani yake yeyote.

Majibu yakiisha kuja, kijiprogramu alichokiandika mwenyewe kiliyalinganisha na liste yake ya vifaa vinavyojulikana, arobaini na moja, kila kimoja na namba yake, chumba chake na mtu wake. Vilivyokuwa kwenye liste kilivifuta. Kilichobaki kwenye skrini kilikuwa kigeni. Mwaka uliopita kilibaki kimoja, na nusu ya kwanza ya namba yake, inayotaja kiwanda, ilionyesha kwamba ni kisanduku cha wifi. Kabla ya saa nne Hortense alikuwa amekitoa chini ya meza ya Paulin Chola, shefu wa mapokezi ya sampuli. Paulin alicheka, akaomba radhi, akasema alitaka tu kusikiliza muziki. Tangu siku ile skrini ya Jumatatu ilikuwa tupu, na Hortense aliipenda ikiwa tupu hivyo.

Sasa mwezi wa nane, wachimbaji wa chama kimoja walikuja kupiga kelele getini. Mnunuzi aliwatajia asilimia za magunia yao kabla hawajazipata wenyewe, na siyo mara moja. Mara tano! Mkurugenzi, Bwana Zéphirin Kunda, mtu wa tai na jasho, aliapa kwamba atamjua msaliti kabla wiki haijaisha. Alimwita Hortense, akamwambia atafute.

Hortense akatafuta. Daftari la sava lilionyesha wazi: kila siku saa sita na nusu, faili zote za majibu zilifunguliwa kwa jina na neno la siri la Adalbert Numbi. Kando ya jina palikuwa na anwani iliyozifungua. Hortense alifungua apeli ya Jumatatu iliyopita, akaona anwani ile ilijibiwa na kadi yenye namba inayoishia 7c-19. Akafungua liste yake. 7c-19: chumba cha mizani, Papa Adalbert.

Alikaa pale akiangalia mstari ule. Papa Adalbert alikuwa mpima mizani, mzee wa miaka sitini na mbili, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, mkristu wa misa ya saa kumi na mbili. Ndiye aliyemfundisha Hortense, siku zake za kwanza pale, kwamba mizani ikitetemeka unangoja, hubahatishi. Lakini liste ni liste. Alhamisi mchana alipanda kwa mkurugenzi, akasema kile alichokiona: hakuna kifaa kigeni kwenye rezo, na faili zimefunguliwa kutoka mashine ya mizani, kwa neno la siri la mizani.

Zéphirin hakuuliza zaidi. Alimwita mzee, akamwambia mbele ya wafanyakazi wote uani kwamba kesho saa sita atapewa barua yake ya kufukuzwa, na kwamba jina lake litapelekwa kwa wachimbaji ili wajue nani aliyewauza. Miaka thelathini na moja ya kazi! Papa Adalbert alivua blauzi yake nyeupe ya kazi, akaikunja vizuri, akaingia ndani.

Hortense usiku ule alikula kidogo na kusema kidogo. Mume wake alipomuuliza alisema ni kichwa. Haikuwa kichwa. Ilikuwa kwamba yeye ndiye aliyeliandika jina la mzee yule kwenye mstari ule, na mstari ule ndio uliokuwa unamtoa mzee kazini. Kama ni kweli, basi ni kweli. Lakini moyo haukutaka kushuka.

Ijumaa saa mbili asubuhi Papa Adalbert alikuwa chumbani kwake akitia vitu kwenye karatoni: miwani, rozari, kikombe. Alipomwona Hortense mlangoni hakumtukana, na hilo lilimuuma kuliko tusi. Alimwomba kitu kimoja tu.

“Mutoto yangu, miye barua nitaipokea. Lakini unionyeshe kwanza. Hii mashine iko hapa mbele yangu kila siku, saa sita na nusu niko nakula. Unionyeshe vile ilifanya, nijue niko natoka ju ya nini.”

Ilikuwa haki yake. Hortense akaketi kwenye kiti chake, akaiambia mashine itaje namba ya kadi yake ya rezo, ili amsomee mzee kwa sauti na mambo yaishe. Akasoma. Akasoma tena, safari hii kidole kikiwa juu ya skrini.

Namba iliishia a0-52.

Aka! Alikimbia ofisini kwake, akarudi na liste, akaitandaza juu ya mizani, jambo ambalo siku nyingine mzee asingeruhusu. a0-52 ilikuwemo, mstari wa thelathini na tisa: chumba cha mizani, mashine mpya. Na juu zaidi, mstari wa nane, 7c-19: chumba cha mizani, Papa Adalbert. Mistari miwili. Chumba kimoja. Na chumbani, utazame huku utazame kule, mashine ilikuwa moja.

“Papa, ile mashine yako ya zamani, ilienda wapi?”

“Ile? Si ilikufaka? Siku ile kuranti ilirudi na nguvu, kisha Paska. Moshi ilijaa humu, weye mwenyewe ulikuya kufungula madirisha.”

Alikumbuka. Bila shaka alikumbuka! Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi kwa hasira, ukaunguza mashine ya mizani na friji ya kantini. Na yeye, Hortense, polisi wa nyaya, hakufuta mstari wake kwenye liste, kwa sababu katika nyumba ile hakuna kitu kinachokufa. Televisheni ya mapokezi ilikuwa miaka minne inangoja kipande. Friji ilikuwa inangoja fundi. Mkurugenzi alisema mashine ile nayo itatengenezwa, iache kwenye liste, na Hortense akaiacha. Halafu akaandika mashine mpya chini, akaendelea na maisha.

Tangu hapo kijiprogramu chake kilikuwa kinafuta 7c-19 kila Jumatatu kama kitu kinachojulikana. Kilikuwa kinamtafuta mgeni, na aliyeingia alikuwa amevaa jina la marehemu wa nyumba. Hortense alijitukana kwa Kibemba, lugha aliyoiweka kwa ajili ya mambo mazito.

Lakini hakukaa kulia. Alifungua apeli zote alizokuwa amezihifadhi, za miezi yote, akazipitia Jumatatu baada ya Jumatatu, mzee amesimama nyuma yake na miwani yake aliyoitoa tena kwenye karatoni. Mwezi wa tatu 7c-19 inajibu. Baada ya Paska, kimya. Mwezi wa tano, kimya. Mwezi wa sita, Jumatatu ya pili, inajibu, na tangu hapo haijakosa apeli hata moja. Hortense akatuma swali pale pale: nani mwenye anwani ile ya kwenye daftari la sava? Jibu likaja kabla hajatoa kidole kwenye kitufe. 7c-19. Mashine iliyoungua mbele ya macho yake ilikuwa hai, ndani ya nyumba ile ile, dakika ile ile.

“Papa, acha kufunga karatoni,” alisema.

Kujua kwamba ipo ni kitu kimoja, kujua iko wapi ni kingine. Namba ya kadi haikwambii chumba. Hortense alikwenda kwenye kabati la nyaya, ambako swichi moja ya matundu arobaini na nane ilikusanya nyaya za nyumba nzima, swichi ya bei rahisi isiyojua kueleza chochote. Akaweka ordinatere yake sakafuni, akaichomeka kwenye tundu la mwisho, akaiamuru iulizie ile anwani moja kila sekunde bila kuacha. Kila sekunde jibu moja: 7c-19, 7c-19, 7c-19. Kisha akaanza kuchomoa waya mmoja mmoja, akitazama skrini, akiurudisha, akihamia unaofuata.

Ee, kelele zilizosikika siku ile! Mapokezi walilalamika. Uhasibu walilalamika. Mkurugenzi mwenyewe alitoa kichwa dirishani kuuliza nani amemkatia mtandao, na Hortense alijibu kwa sauti ya juu kwamba ni yeye, na avumilie dakika kumi. Hakuna aliyewahi kumjibu Zéphirin hivyo. Labda kwa sababu hiyo alirudisha kichwa ndani.

Tundu la kumi na mbili, majibu yanaendelea. La kumi na tatu, yanaendelea. Alipochomoa la kumi na saba, skrini ikasimama. Sekunde moja, tano, kumi, hakuna jibu. Akaurudisha waya, na baada ya muda mfupi 7c-19 ikarudi kuitika. Akachomoa tena, ikanyamaza. Papa Adalbert alifanya ishara ya msalaba.

Waya wa kumi na saba ulipita juu ya dari, ukashuka nyuma ya jengo, ukaingia depo ya sampuli, ambako magunia madogo ya akiba hukaa miezi sita ili mtu akibisha majibu yapimwe tena. Zamani palikuwa na printa mle. Ufunguo wa depo ulikuwa mmoja, nao ulining'inia kiunoni mwa Paulin Chola.

Hapo Hortense alifanya jambo la akili. Hakwenda kwa Paulin. Alipanda kwa mkurugenzi, akamweleza yote kwa maneno machache, na la kwanza alilolisema lilikuwa kwamba yeye ndiye aliyekosea jana. Zéphirin alijifuta jasho, akatazama saa, akatazama ile barua iliyokuwa mezani tayari imetiwa muhuri. Kisha akashuka naye, na njiani akamwita Paulin aje na ufunguo.

Depo ilifunguliwa. Paulin alikuwa mchangamfu kama kawaida, akiuliza wanatafuta gunia gani awasaidie. Hortense aliufuata waya ukutani kwa mkono, akapita rafu ya kwanza, ya pili, akasogeza magunia manne ya rafu ya mwisho. Nyuma yake palikuwa na sanduku la ordinatere lisilo na kifuniko, bila skrini, bila kibodi, feni yake inazunguka taratibu, na modemu ya simu imechomekwa ubavuni. Ubao wake ulikuwa wa mashine nyingine, na pawa yake, kile kisanduku cha umeme, ya mashine ya tatu, kazi ya wale vijana wa mjini wanaofufua vitu. Lakini kadi ya rezo ilikuwa ya zamani, na namba imeandikwa juu yake. Na juu ya diski, kwenye kipande cha plasta, palikuwa na neno moja kwa mwandiko wa kalamu ya buluu: MIZANI.

“Huo njo mwandiko yangu,” alisema Papa Adalbert.

Basi kila kitu kikajieleza. Moto ulikula ubao wa mashine ile, haukula diski wala kadi. Ndani ya diski neno la siri la mzee lilikuwa bado limehifadhiwa, kama alivyoliacha asubuhi ile ya moshi. Mwenye diski alifungua faili kwa jina la Adalbert, na modemu ikazipeleka kwa mnunuzi. Mwenye kadi alipita apeli ya Hortense akiwa na sura ya mtu wa nyumbani.

Paulin alisema hakuijua mashine ile. Alisema depo huingiwa na watu wengi. Alisema labda mzee mwenyewe aliificha. Alisema mengi, na mkurugenzi akamwacha aseme yote. Halafu Zéphirin, ambaye kwa kweli alikuwa na kumbukumbu nzuri akiwa hana hasira, alimtuma katibu alete kitabu cha kutolea vitu, maana pale hata ufagio hautoki getini bila karatasi yenye saini. Wakafungua mwezi wa sita. Ijumaa kabla ya ile Jumatatu ya pili: ordinatere moja ya mizani, imeungua, imepelekwa kutupwa. Saini: P. Chola.

“Paulin, uliitupa wapi?” mkurugenzi aliuliza.

Paulin alitazama lile neno MIZANI, akatazama kiatu chake. Kisha, labda kwa sababu watu walikuwa wamejaa mlangoni na hakukuwa na pa kupita, alimgeukia Hortense peke yake na kusema kwa hasira kwamba ile kadi aliomba iwekwe kwa makusudi, kwa sababu yake yeye na apeli zake, kwamba mtu hawezi hata kupumua kwenye rezo ile. Hivyo akawa amejifunga kwa mdomo wake. Hortense, nisikufiche, alifurahi. Hakuwa amewahi kusifiwa kazini namna ile.

Walimpeleka Paulin ofisini kungoja polisi wale wengine, na mkurugenzi akamshika Papa Adalbert bega, akamwambia mambo yameisha, arudi kazini, barua ataichana. Mzee alibaki amesimama.

“Patron, jana ulisema uani, mbele ya bantu bote,” alisema polepole. “Leo pia useme uani.”

Na ikawa hivyo. Saa sita kamili, saa ile ile ya barua, wafanyakazi wote walikusanyika, na wachimbaji wa kile chama, ambao walikuwa wamekuja kumwona msaliti, wakaingizwa ndani. Zéphirin alisema aliyopaswa kusema, kwa tai iliyolegea, na alisema vizuri. Aliichana barua vipande vinne mbele yao. Wakati watu wanafikiri imekwisha, Hortense alipita mbele. Hakuna aliyemwita.

“Papa Adalbert hakuiba kitu,” alisema. “Miye njo nilimuandika. Mashine yake ilikufa, miye nikaiacha kwa liste kama iko muzima, mwizi akaingia na jina yake. Jana nilimutaja bila kwenda kuangalia. Papa, unisamehe.”

Papa Adalbert alivuka ua mzima, taratibu, kwa mwendo wake wa mtu anayebeba sampuli asimwage. Alimshika Hortense mkono, akauinua juu kabisa, kama mwamuzi anavyomwinua bondia, na akaushikilia pale. Mama wa kantini ndiye aliyeanza vigelegele. Wachimbaji wakafuata, wakapiga makofi, wakapiga mabati ya geti, mmoja akaanza wimbo wa Kanisa na mwingine akaugeuza wa kucheza. Hortense alikuwa analia na kucheka pamoja, na hakujaribu kuficha lolote kati ya hayo.

Katikati ya kelele zile mwenyekiti wa chama alimsogelea mzee, kofia mkononi. Alisema wana magunia tisa kwenye kamyo nje ya geti. Walikuwa wameamua kuyapeleka kwingine.

“Basi nani atayapima?” aliuliza Papa Adalbert.

“Weye, Papa,” alisema mwenyekiti. “Tunataka upime weye.”

Mzee aliomba blauzi yake. Hortense mwenyewe alikwenda kuichukua chumbani, akamshikia ili aingize mikono, na magunia yakaanza kuingia.